UZI: Alfa-felandrini na beta-felandrini zote ni C10H16. Kwa nini moja inashikana na maleiki anhidraidi na nyingine inakataa?

MwanaMbarara (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa pili hapa Mbarara, na kuna swali la mtihani wa kati linaninyima usingizi. Tulipewa dieni mbili, alfa-felandrini na beta-felandrini, halafu tukaambiwa: "Kila moja imechanganywa na maleiki anhidraidi kwenye etha. Chora zao, na kama hakuna zao, eleza kwa nini."

Mimi nikaona ni swali la bure. Zote zina dabo bondi mbili zilizopishana na singo katikati. Zote zina kaboni nne za dieni. Nikachora mishale mitatu kwenye kila moja, nikafunga pete, nikahama. Ya alfa nimepata alama zote. Ya beta nimepata sifuri, na pembeni mhadhiri kaandika neno moja tu: "s-trans".

Nimeweka hapa misimbo yake. Ukiibandika kwenye programu yoyote ya kuchora molekuli utaziona:

```
alfa:  CC1=CCC(C(C)C)C=C1
beta:  C=C1CCC(C(C)C)C=C1
```

Swali langu: mishale yangu ya beta ina kosa gani? Kila kaboni ina bondi nne, nimehesabu. Kama karatasi inakubali, chupa inakataa nini?

---

Kijana_wa_Lira

Hiyo rahisi ndugu yangu. Dieni ikiwa trans haifanyi kazi, ikiwa cis inafanya. Angalia dabo zako: yenye trans iache, yenye cis ichore. Sisi tulifundishwa hivyo na tukafaulu.

---

MwanaMbarara

@Kijana_wa_Lira hapo ndipo sikuelewi. Dabo ya ndani ya pete kwenye beta ni cis, lazima iwe cis maana iko kwenye pete ya kaboni sita. Na ile ya nje ni CH2 tupu, haina cis wala trans. Kwa sheria yako beta ingefanya kazi.

---

Kaka_Arua

Lira umechanganya mambo. Hiyo s haizungumzii dabo, inazungumzia singo iliyo katikati ya dabo mbili. Singo inazunguka. Ikizunguka hadi dabo zote ziwe upande mmoja, hiyo ni s-cis. Zikielekea pande tofauti, s-trans. Butadini yenyewe muda mwingi inakaa s-trans kwa sababu ndiko kuna nafasi.

Lakini mimi namtetea mwanafunzi. Kama singo inazunguka, basi s-trans si kosa, ni hali ya muda tu. Ongeza joto, beta itageuka, itashika. Mhadhiri angempa hata nusu. Butadini na ethilini zinashikana, ni vile tu zinataka joto na presha ya kutosha.

---

Mama_Maabara

Nimetoka kazini sasa hivi, hapa Kampala foleni ya leo usiniulize. Nijibu pole pole.

Kaka Arua, sentensi zako za kwanza ziko sawa kabisa. Pale "ongeza joto beta itageuka" ndipo umeteleza. Mwanangu wa Mbarara, chukua penseli, weka namba kwenye beta pamoja nami. Kaboni ya pete iliyobeba CH2 ya nje iite C1. CH2 yenyewe iite C7. Ukizunguka pete kuelekea upande wa dabo, inayofuata ni C2, halafu C3. Dieni yako ni C7=C1–C2=C3. Singo ya katikati ni C1–C2.

Sasa jiulize: C1–C2 iko wapi? Iko ndani ya pete. C1 na C2 zote ni sehemu ya ile pete ya sita, na C3 na C6 nazo zimefungwa humo humo. Ili C7 ije upande wa C3, ingebidi uizungushe C1–C2 nusu duara, na ukifanya hivyo pete inapasuka. Kwa hiyo beta hajakaa s-trans kwa kupenda. Ni mlango uliopigiliwa misumari. Joto huupa nguvu mlango wenye bawaba. Huu hauna bawaba.

Rudi kwa alfa uweke namba vivyo hivyo. Dieni yake ni C2=C1–C6=C5. Singo ya katikati ni C1–C6, nayo pia iko ndani ya pete, nayo pia haizunguki. Ila safari hii dabo zote mbili ziko ndani ya pete, kwa hiyo zimefungwa zikitazamana upande mmoja. Pete ile ile inayomnyima beta ndiyo inayomsaidia alfa. Alfa ni s-cis masaa yote, hata usiku wa manane.

---

MwanaMbarara

Asante mama. Kufungwa nimekubali. Sasa shida yangu inarudi nyuma hatua moja: *kwa nini* s-trans isishike? C7 ina elektroni zake, C3 ina zake. Anhidraidi ina kaboni mbili. Moja ishike huku, nyingine kule. Mishale haijui upande.

---

Kaka_Arua

Umbali. Hazifikiani.

---

Mama_Maabara

Umbali ni nusu ya jibu, na tuutazame kwa namba. Kwenye dieni iliyonyooka kama butadini, ikiwa s-trans, kaboni ya kwanza na ya nne zinaachana kama angstromu 3.7. Ikiwa s-cis, zinasogeleana hadi karibu 3.0. Ukienda kwenye dieni iliyofungwa ndani ya pete zinasogea zaidi ya hapo. Upande wa pili, kaboni mbili za alkeni yako zimeachana angstromu 1.3 na kitu. Hizo kaboni mbili zinatakiwa ziguse ncha zote mbili za dieni kwa wakati mmoja, kwa sababu bondi mbili mpya zinajengwa kwa pamoja katika hatua moja. Hakuna kusimama katikati. Kwenye 3.0 alkeni inafika kwa kujinyoosha kidogo. Kwenye 3.7 ikishika huku, kule inaelea.

Lakini mimi sababu ya umbali hainiridhishi peke yake, maana mtu mbishi atasema "molekuli zinatikisika, zitafikiana tu." Sababu inayofunga mjadala iko kwenye zao lenyewe. Angalia mishale yako mitatu: ile singo ya katikati inageuka kuwa dabo. Umbo lolote ililokuwa nalo wakati huo linagandishwa, kwa sababu dabo haizunguki. Ilikuwa s-cis? Utapata dabo ya cis ndani ya pete mpya, vizuri kabisa, kama siklohekseni ya kawaida. Ilikuwa s-trans? Utapata dabo ya *trans* ndani ya pete ya kaboni sita.

Jaribu kuijenga hiyo kwa modeli za plastiki. Kaboni nne za C–C=C–C zimenyooshwa kwa trans, halafu umebakiwa na kaboni mbili tu za kuziba pengo la nyuma. Haizibi. Pete ndogo kabisa yenye dabo ya trans unayoweza kuiweka kwenye chupa ikatulia kwenye joto la kawaida ni ya kaboni nane.

Na kwa beta hali ni mbaya zaidi. Fuata mchoro wako: umeunganisha C7 na kaboni moja ya anhidraidi, C3 na nyingine, ukaweka dabo mpya kati ya C1 na C2. Sasa hesabu njia za kutoka C1 kwenda C3. Kuna njia ya C6, C5, C4. Kuna njia ya C7 na zile kaboni mbili za anhidraidi. Na kuna njia fupi ya C2 peke yake. Yaani C1 na C3 ni vichwa vya daraja, na umeweka dabo juu ya kichwa cha daraja, kwenye daraja la kaboni moja. Mkemia Bredt alishakataza jambo hilo mwaka 1924. Kwenye karatasi kila kaboni ina bondi nne, ni kweli. Karatasi ni bapa, inavumilia.

---

Mdadisi_Kasese

Mama nimefurahi sana na hilo la dabo kugandishwa. Lakini kuna kitu kinanisumbua tangu nikiwa chuo. Butadini kwenye joto la kawaida, kati ya molekuli mia, mbili au tatu tu ndizo ziko katika umbo la upande wa s-cis. Zilizobaki zote ni s-trans. Tukifuata maelezo yako, ni hizo mbili tatu tu zinazoshika. Mbona basi mavuno yanaweza kufika asilimia tisini na kitu? Yalitakiwa yawe asilimia tatu!

---

Kaka_Arua

Ndiyo hilo nililokuwa nasema.

---

Mama_Maabara

Hapana Kaka, wewe ulikuwa unasema la beta. La butadini tunakubaliana.

Mdadisi, hizo mbili tatu si fungu lililotengwa pembeni. Kwenye butadini tofauti ya nishati kati ya maumbo mawili ni kama kilojuli 12 kwa moli, na kilima cha kuvuka kutoka s-trans kwenda s-cis ni kilojuli ishirini na kitu. Hicho ni kilima kidogo: kwenye joto la chumba kila molekuli inakivuka zaidi ya mara milioni kwa sekunde moja. Kilima cha mmenyuko wenyewe, kwa butadini na ethilini, kinapita kilojuli 100. Kwa hiyo muda ambao molekuli moja inashika, nyingine zimeshageuka mara zisizohesabika na kujaza nafasi. Uchache wa s-cis unapunguza *kasi*, haupunguzi *mavuno*. Ukisubiri, butadini yote itapita mlango huo.

Ndiyo maana siklopentadini, ambayo imefungwa s-cis na ncha zake ziko karibu sana, haina subira. Ukiiacha kwenye chupa mezani inashikana yenyewe kwa yenyewe, moja ikiwa dieni, nyingine ikiwa alkeni. Tukiitaka tunaipasua tena kwa kuichemsha hadi kama nyuzi 170, tunakusanya kinachotoka kwenye nyuzi 41 hivi, tunakitumia siku hiyo hiyo. Upande wa pili, butadini na ethilini tupu zinataka nyuzi 165 na presha ya mamia ya atimosfia. (Sehemu ya tofauti hiyo ni ethilini kukosa kikundi cha kuvuta elektroni, si s-cis peke yake. Nisilaumiwe baadaye.)

---

Mdadisi_Kasese

Hapo nimeelewa. Kwa hiyo kuna aina tatu: iliyofungwa s-cis, inayozunguka, na iliyofungwa s-trans. Ya kwanza haraka, ya pili pole pole lakini inafika, ya tatu haifiki kamwe.

---

Kijana_wa_Lira

Sawa nimekubali nilichanganya s-cis na cis ya dabo. Lakini nakumbuka vizuri kabisa mwalimu alisema dabo yenye cis nayo ina shida. Sijaota.

---

Mama_Maabara

Hujaota mwanangu, ila uliikumbuka kinyume. Chukua heksa-2,4-dieni. Ikiwa dabo zote mbili ni E, yaani trans, methili zinaelekea nje, na molekuli ikigeuka s-cis hakuna kinachogongana. Inashika maleiki anhidraidi vizuri. Ikiwa zote ni Z, yaani ile cis unayoikumbuka, ukijaribu kuigeuza s-cis methili mbili zinaelekezwa ndani, mahali pale pale pamoja. Zinagongana. Singo iko huru kuzunguka, lakini kila ikikaribia s-cis inasukumwa irudi. Kwa hiyo hiyo ni dieni yenye bawaba, ila kuna gunia nyuma ya mlango. Ile yenye E moja na Z moja iko katikati, inashika kwa shida.

Kwa hiyo ukiambiwa "utabiri zao", kabla ya mishale uliza kwanza: dieni hii inaweza kufika s-cis? Haiwezi, kwa sababu ya pete? Inaweza lakini inagongana? Ukishajibu hayo ndipo uchore.

---

Kalitusi_Jinja

Wataalamu samahani nawaingilia. Mimi si mwanafunzi, nakamua mafuta ya kalitusi kwa mvuke hapa karibu na Jinja, nauza kwa watengeneza sabuni. Nimesoma jina felandrini hapo juu nikashtuka, maana mnunuzi mmoja aliniuliza mafuta yangu yana felandrini kiasi gani. Kuna kijana wa maabara ya shule akaniambia jaribu na hiyo maleiki anhidraidi, zikitoka fuwele basi ipo. Tukajaribu kwa mafuta yangu na kwa kichupa cha duka la dawa tulinganishe. Zote mbili zilitoa fuwele nyeupe! Akapima joto la kuyeyuka akapata kama 130, akasema kitabuni ni 126 na 127, imekaribia. Je hiyo inatosha kumwambia mnunuzi?

---

Mama_Maabara

Usimwambie mnunuzi chochote bado.

Kichupa cha duka la dawa ndicho kinanitia shaka. Mafuta ya kalitusi ya dawa huchaguliwa yawe na sineoli nyingi, asilimia 70 na zaidi, na felandrini haitakiwi humo. Sineoli haina dabo hata moja. Hayo hayakutakiwa kutoa fuwele.

Sasa, maleiki anhidraidi hupenda maji. Chombo kikifunguliwa mara nyingi, au etha ikiwa na unyevu, anhidraidi hunyonya maji na kuwa maleiki asidi. Maleiki asidi ni nyeupe, ni fuwele, na huyeyuka kwenye 130 na kitu. Anhidraidi yenyewe huyeyuka kwenye 53. Zao la alfa-felandrini ni 126 hadi 127. Unaona mtego ulipo: asidi na zao vinapishana nyuzi chache tu, na kipimajoto cha shule hakiwezi kuamua.

Namna ya kujua ni rahisi. Weka fuwele kidogo kwenye maji baridi, utikise. Maleiki asidi huyeyuka humo kama sukari. Zao la felandrini ni molekuli ya kaboni kumi na nne, nyingi zikiwa za mafuta, litakaa chini likutazame. Njia ya pili: saga fuwele zako pamoja na maleiki asidi unayoijua, nusu kwa nusu, upime tena. Kama ni kitu kimoja, joto halibadiliki. Kama ni viwili, litashuka na kutawanyika.

---

Kalitusi_Jinja

Maji ninayo, asidi sina. Na hiyo alfa na beta? Mnunuzi hakusema ipi.

---

Mama_Maabara

Ndiyo tumerudi kwa swali la mwanafunzi. Jaribio hili linaona alfa tu. Beta ikiwa imejaa kwenye mafuta yako, anhidraidi itaipita bila salamu. Kwa hiyo "hakuna fuwele" maana yake "hakuna alfa ya kutosha", haimaanishi "hakuna felandrini". Na "kuna fuwele" nako kuna mipaka: alfa-terpinini nayo ni dieni iliyofungwa s-cis ndani ya pete, nayo hushika. Ukitaka kiasi kamili, peleka kwenye maabara yenye kromatografia ya gesi.

Tena inategemea una mti gani. Kalitusi nyingi zilizopandwa huku kwetu kwa nguzo na mbao ni Eucalyptus grandis, na mafuta yake kwa kawaida yana alfa-painini kwa wingi. Painini ina dabo moja, si dieni. Usishangae ukikosa kabisa.

---

MwanaMbarara

Mama naomba urudi kidogo kwa alfa. Nimepata alama zote lakini nadhani ni bahati. Nilichora pete mpya tu, sikuonyesha juu na chini. Zao kamili linakaaje?

---

Mama_Maabara

Tuendelee na namba zetu. Ncha za dieni ni C2 na C5. Hizo ndizo zinazoshika kaboni mbili za anhidraidi. Dabo mpya inakaa kati ya C1 na C6, na methili ya C1 inabaki hapo hapo juu ya dabo. Wanafunzi wengi huisogeza bila sababu. C3 na C4 hazikuguswa, zinabaki daraja la pili, na C4 bado imebeba isopropili. Umepata madaraja matatu ya kaboni mbili mbili kati ya C2 na C5: moja lina dabo, moja lina isopropili, moja lina anhidraidi. Msimbo wake:

```
CC1=CC2C(C(C)C)CC1C1C2C(=O)OC1=O
```

Sasa juu na chini. Haidrojeni mbili za anhidraidi zilikuwa upande mmoja kabla, zinabaki upande mmoja baada, maana bondi zote mbili zilijengwa kwa pamoja na hakuna aliyepata muda wa kugeuka. Anhidraidi inaingia kwenye uso wa pete usio na isopropili, kwa sababu upande ule mwingine umezibwa. Na inaingia ikiwa imekunja vikundi vyake vya kabonili chini ya dieni, kwa hiyo kwenye zao kabonili zinakaa upande wa dabo mpya. Hiyo ndiyo endo.

Ukitaka kukadiria uzito: gramu 2.0 za anhidraidi ni moli 0.0204. Zao ni C14H18O3, gramu 234.3 kwa moli. Kama alfa haikupungua, huwezi kupita gramu 4.8. Ukipima ukapata 6, una etha ndani, au una kitu kingine kabisa. Na ukisafisha kwa methanoli moto, usiache ichemke muda mrefu, maana methanoli huifungua anhidraidi ikawa esta.

---

Mdadisi_Kasese

Kwa nini endo? Nilisoma furani na maleiki anhidraidi hutoa exo, yaani kinyume cha endo.

---

Mama_Maabara

Furani inatoa exo kwa sababu mmenyuko wake unarudi nyuma kirahisi. Endo inatengenezwa haraka, inajifungua, inajaribu tena, mwishoni inatulia kwenye exo ambayo ni imara zaidi. Alfa-felandrini kwenye etha inayochemka polepole hairudi nyuma kwa joto hilo, kwa hiyo unabaki na iliyotangulia. *Kwa nini* endo inatangulia, watu wanabishana. Kuna wanaosema obitali za kabonili zinasaidiana na za dieni kwa nyuma, kuna wanaosema ni mivutano ya chaji na nafasi tu. Mimi kwenye mtihani ningeandika obitali, ila nyumbani silali juu yake.

---

Kaka_Arua

Mama nina swali la mwisho la ubishi. Tuseme chupa ya beta ina asidi kidogo, ile maleiki asidi uliyoitaja. Asidi huhamisha dabo kwenye terpini. Je, beta haiwezi kugeuka alfa polepole, halafu alfa ikashikwa? Hapo mwanafunzi angepata zao.

---

Mama_Maabara

Dabo kuhama kwa asidi ni kweli. Lakini haihami kwenda kwa alfa tu, utapata mchanganyiko wa isoma kadhaa, terpinini zikiwemo. Halafu beta hupenda kujiunga yenyewe ikawa utomvu wa kunata. Ningekuta fuwele kwenye chupa ya beta, ningeshuku kwanza kwamba beta haikuwa safi. Lakini kwamba haiwezekani kabisa, sitasema hivyo. Hata hivyo zao hilo lingekuwa la alfa, na mchoro wa mwanafunzi ni wa dabo kwenye kichwa cha daraja. Sifuri yake iko pale pale.

---

Kaka_Arua

Bado nasema nusu alama. Mishale ilikuwa sahihi.

---

Mdadisi_Kasese

Mishale sahihi kwenye molekuli isiyoweza? Swali lenyewe lilisema "kama hakuna zao, eleza." Mhadhiri alimfungulia mlango kabisa.

---

MwanaMbarara

Jumatatu naenda ofisini kwake na modeli ya plastiki. Siendi kudai alama, nataka nimwonyeshe C2 ilivyokataa kukaa. Nimejaribu kuijenga usiku huu na kijiti kimoja kimekatika.

---

Kalitusi_Jinja

Nimeweka fuwele kwenye maji. Za kichupa cha duka la dawa zimeyeyuka zote. Za mafuta yangu nyingi zimeyeyuka, lakini kuna kidogo kimebaki chini, cheupe. Nimetikisa sana, bado kipo. Nifanye nini nacho?

---

Mama_Maabara

Chuja. Osha kwa maji baridi mara mbili tatu, kausha usiku kucha, halafu upime joto la kuyeyuka la hicho kilichobaki peke yake. Usichanganye na kile cha mwanzo. Ukipata namba, irudishe hapa.